Usiifute Hiyo Barua

“Jamani, kuna barua pepe ya ajabu inazunguka ofisini. Mimi yangu nimeshaifuta. Muwe macho.”

Ujumbe wa namna hii huwafikia watu wa usalama wa mifumo mara kwa mara, na anayeuandika huwa na nia njema kabisa. Lakini muulize aliyeupokea ameweza kuufanyia nini, naye atakwambia: karibu hakuna. Hajui barua hiyo imetoka wapi, imeingia saa ngapi, wala inawapeleka watu kwenye tovuti gani. Hajui kama mwandishi aliibonyeza kabla ya kuifuta. Huenda akaipata kwenye hifadhi ya seva, ila itambidi aitafute kati ya maelfu ya barua za siku hiyo huku hana hata kichwa chake cha habari. Wakati yeye anatafuta, mwenzetu mwingine ghorofa ya pili anaifungua.

Watu wengi husita kutoa taarifa kwa sababu wanadhani lazima kwanza wawe na uhakika kuwa wametapeliwa. Hilo si jukumu lao. Kazi ya kuamua kama barua ni ya kweli au ya ulaghai ni ya timu ya usalama, ambayo ina kumbukumbu za seva na vifaa vya kuichunguza. Mfanyakazi anachohitajika kuleta ni yale ambayo kumbukumbu hizo haziwezi kuyasema zenyewe: alichokiona, alichokifanya, na saa aliyokifanya.

Tuchukue mfano wa kampuni ya uwakala wa forodha na mizigo mjini Mombasa. Kampuni yenyewe ni ya kutunga, lakini hila iliyotumika ni ya kila siku. Karani wa nyaraka wa kampuni hiyo hupokea kutwa nzima barua za kampuni za meli: notisi za kuwasili kwa mizigo, hati za shehena, madai ya ada za makontena yaliyokawia bandarini. Jumanne moja, saa 3:12 asubuhi, ikaingia barua yenye kichwa “Arrival Notice”. Jina la mtumaji lilikuwa la kampuni ya meli anayoshughulika nayo kila wiki. Ndani mlikuwa na kitufe cha kufungulia hati. Karani akakibonyeza, ukatokea ukurasa wa kuingilia kwenye barua pepe za kazini, wenye nembo ya Microsoft kama anavyouona kila asubuhi. Akaandika anwani yake na nywila. Simu yake ikalia kumwomba athibitishe kuwa ni yeye anayeingia, akathibitisha. Ukurasa ukazunguka kidogo, kisha ukasema hati haipatikani. Karani akaguna, akaendelea na kazi nyingine.

Hadi saa 5 ndipo alipopiga simu kwa kampuni ya meli kuulizia hilo kontena, akaambiwa hawakutuma barua yoyote. Hapo moyo ukamlipuka, akampigia kijana wa usalama wa mifumo.

“Kaka, nadhani nimeingizwa mjini.”

“Pole, dada. Barua bado unayo?”

“Ninayo. Niifute?”

“Usiifute, wala usiibonyeze tena. Hebu niambie ulifanya nini, hatua kwa hatua. Nywila uliandika?”

Swali hilo la mwisho ndilo linaloamua kazi itaanzia wapi. Aliyeisoma tu barua akaishuku hajaleta hasara. Taarifa yake itatumika kuwaokoa wengine. Aliyebonyeza kiungo lakini akafunga ukurasa kabla ya kuandika chochote yuko katika hali nyingine. Aliyeandika nywila amempa mtu ufunguo. Aliyefungua kiambatisho na kukiruhusu kiendeshe kitu anaweza kuwa ameingiza programu ndani ya kompyuta, na hapo uchunguzi unahamia kwenye mashine yenyewe. Aliyejibu barua amempa tapeli uhakika kuwa anwani ile ina mtu nyuma yake. Kila moja ya hatua hizi ina tiba yake, na timu isipoambiwa ni ipi italazimika kukisia.

Katika mkasa wa karani wetu, neno zito zaidi ni lile la kuthibitisha kwenye simu. Watu wengi wamefundishwa kwamba uthibitisho wa simu unawalinda hata nywila ikiibwa, na mara nyingi ndivyo ilivyo. Lakini kurasa nyingi za ulaghai siku hizi hazihifadhi nywila ili zitumike baadaye. Zinakaa katikati: unachoandika kinapitishwa papo hapo kwa Microsoft au Google wa kweli, ombi la uthibitisho linakuja kwako likiwa halisi, nawe unalikubali. Seva ya kweli inaridhika na kutoa kibali cha kuingia, yaani ile kuki inayokuwezesha kuendelea na kazi bila kuandika nywila kila dakika. Kibali hicho kinaishia mikononi mwa aliyekaa katikati. Kwa sababu hiyo, mfanyakazi anayebadilisha nywila yake kimyakimya na kujiona amemaliza anaweza kuwa amemwacha mgeni ndani ya nyumba. Timu inapaswa pia kukata vikao vyote vilivyo wazi, kukagua kama kuna simu mpya iliyosajiliwa kuthibitisha uingiaji, na kuangalia kanuni za sanduku la barua.

Hizo kanuni zinahitaji maelezo kidogo. Mwizi akishaingia kwenye sanduku la mtu anayeshughulika na malipo, mara nyingi hutengeneza kanuni ya kuhamisha barua zenye maneno kama “invoice” au “payment” hadi kwenye folda ambayo hakuna anayeifungua, kama ile ya RSS Feeds. Kisha anaandikiana na wateja kwa jina la mwenye sanduku, majibu yanafichwa, na mwenyewe anashangaa mbona leo kimya. Kwa hiyo karani akisema “tangu asubuhi sijapata jibu hata moja la wateja”, hilo ni jambo la kuandikwa kwenye taarifa, hata kama yeye analiona dogo.

Wanaoficha kwamba waliandika nywila hufanya hivyo kwa aibu au kwa kuogopa barua ya onyo. Ofisi inayowaadhibu inajipofusha yenyewe. Februari 2023 kampuni ya Reddit ilitangaza kuwa mfanyakazi wake mmoja alinaswa na ukurasa bandia ulioiga lango lao la ndani, akatoa nywila na tarakimu za uthibitisho. Muda mfupi baadaye alijitokeza mwenyewe kutoa taarifa, na timu yao ikamtoa mvamizi. Baadhi ya nyaraka za ndani na msimbo wa programu vilikuwa vimeshaonekana, lakini kampuni ilijua mlango uliotumika na siku uliotumika, kwa kuwa mtu mmoja alisema.

Sasa tuje kwenye saa, ambapo sisi wasemaji wa Kiswahili tuna mtego wetu wenyewe. Tuseme karani ameandika: “Nilibonyeza saa 3:20.” Mwenzake aliyekaa naye Mombasa anaelewa kuwa ni asubuhi baada ya chai. Lakini kampuni kubwa mara nyingi hukabidhi ulinzi wa mifumo kwa timu iliyoko Nairobi, Dubai au Ulaya, na mchunguzi wa huko atasoma 03:20 usiku wa manane. Tena kumbukumbu nyingi za seva huandikwa kwa saa za UTC, ambazo ziko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Tukio lile lile litasomeka 06:20. Zote tatu ni saa zinazoaminika, na mchunguzi akianza na isiyo sahihi atakuta sanduku la barua likiwa shwari, aandike “hakuna kilichoonekana”, afunge jalada.

Dawa ni kunakili saa kama inavyosomeka kwenye pembe ya kompyuta, kisha kuongeza eneo: “09:20, saa za Afrika Mashariki”. Usipokumbuka dakika, toa mipaka: baada ya kikao cha asubuhi kilichokwisha 09:00, kabla ya simu niliyopiga 09:30. Mpaka wa kweli una manufaa kuliko dakika ya kubuni. Historia ya kivinjari inaweza kukukumbusha saa uliyofungua ukurasa. Itazame, ila usibonyeze chochote ndani yake na usiifute.

Jambo linalofuata ni barua yenyewe, na hapa ndipo nia njema huharibika mara nyingi. Karani akibonyeza kitufe cha kawaida cha kusambaza, anachotuma ni barua mpya iliyoandikwa na yeye, yenye maneno ya ile ya kwanza ndani yake. Rangi na nembo zitabaki, lakini vile vichwa vilivyofichika nyuma ya barua, vinavyoonyesha seva zilizoipitisha, havifuatani nayo. Kinachohitajika ni barua ya asili ikiwa kiambatisho. Kwenye kompyuta, Outlook na Gmail zote zina chaguo la `Forward as attachment` katika menyu yake. Ofisi nyingine zimeweka kitufe cha `Report` juu ya barua. Hicho kinatuma ya asili chenyewe, ingawa hakiwezi kusema kuwa uliandika nywila. Hilo lazima uliseme wewe.

Ukitaka kujua kinachopotea, tazama vichwa hivi, ambavyo nimevifupisha na kuvipa anwani za mfano:

```
From: "Arrivals Desk" <notice@meli-hati.example>
Reply-To: malipo@barua-mizigo.example
Received: from srv12.example ([203.0.113.45])
Date: Tue, 4 Mar 2025 06:12:08 +0000
Message-ID: <8f21c@srv12.example>
Authentication-Results: spf=fail; dkim=none
```

Karani aliona jina la kampuni ya meli peke yake, kwa sababu programu nyingi za barua pepe huonyesha jina na kuficha anwani. Hapa tunaona anwani yenyewe, na tunaona kuwa jibu likitumwa litakwenda mahali pengine kabisa. Mstari wa mwisho unasema seva iliyotuma haikuwa na ruhusa ya kulitumia jina hilo. Lakini ulio muhimu kuliko yote kwa mchunguzi ni ule wa `Message-ID`, pamoja na anwani ya seva iliyotuma. Kwa hivyo anaweza kuiuliza seva ya ofisi: nani wengine wameletewa barua hii, au barua nyingine kutoka chanzo hiki? Jibu huja kwa dakika chache, na barua zinaweza kuondolewa kwenye masanduku yote kabla hazijasomwa.

Niongeze tahadhari moja. Barua ikisomeka `spf=pass` haina maana kwamba ni salama. Ikiwa mwizi ameingia kwenye sanduku halisi la mteja wenu na kutuma kutoka humo, vipimo vyote vitapita, na hakutakuwa na kosa la tahajia wala nembo iliyopinda. Ndiyo maana yale mabango ya ofisini yanayotwambia tutafute Kiingereza kibovu yamepitwa na wakati. Barua ya namna hiyo huonekana kwa jambo moja tu: inaomba kitu ambacho mteja yule hajawahi kukiomba, kama vile kulipa kwenye akaunti mpya. Andika hivyo hivyo kwenye taarifa: “Mteja huyu tumemlipa kwa benki ile ile siku zote, leo ametaka tubadilishe.”

Kuhusu kiungo, picha ya skrini haitoshi, kwani picha ya kitufe haionyeshi kinakoelekea. Kama unatuma barua ya asili, kiungo kimo ndani na huna haja ya kujisumbua. Kama ulishafika kwenye ukurasa na bado uko wazi, piga picha inayoonyesha mstari wa anwani juu ya kivinjari, sio fomu peke yake. Usirudi kwenye ukurasa kwa ajili ya kupiga picha. Na ukilazimika kuiandika anwani kwenye ujumbe, ivunje ili asitokee mwenzako wa kuibonyeza kwa bahati mbaya:

```
hxxps://hati[.]example/f/?id=a2FyYW5p
```

Herufi ya pili na ya tatu zimebadilishwa na nukta imefungiwa kwenye mabano. Wachunguzi wote wanaielewa desturi hiyo. Ila usikate mkia wa anwani kwa kuuona ni takataka. Huo mkia `a2FyYW5p` ni neno “karani” lililoandikwa kwa njia ambayo kompyuta husimbia maandishi; walaghai huutumia kumtambua aliyebonyeza. Pia kuna kurasa zinazomwonyesha fomu bandia yule tu anayekuja na mkia sahihi. Anayekuja bila huo mkia hupelekwa kwenye tovuti isiyo na neno, naye mchunguzi anaweza kudhani mtoa taarifa ameota.

Ujumbe wa simu hauna vichwa vya kusambaza, lakini kanuni ni ile ile: namba iliyotuma, maneno kamili, kiungo kizima, saa. Tarehe 20 Julai 2022, wafanyakazi wasiopungua 76 wa kampuni ya Cloudflare walipokea ujumbe wa aina hiyo kwa muda usiofika dakika moja, kwenye simu za kazini na za binafsi. Tovuti bandia waliyoelekezwa ilikuwa imesajiliwa chini ya dakika 40 kabla, kwa hiyo haikuwa katika orodha yoyote ya tovuti hatari. Wafanyakazi watatu waliandika nywila zao. Kilichoizuia hila ni vifunguo vidogo vya kuchomeka ambavyo kampuni ilikuwa imewapa watu wote, ambavyo hukataa kufanya kazi kwenye tovuti isiyo ya kweli. Lakini timu ilijua kinachotokea kwa sababu watu walileta taarifa, na kampuni iliandika waziwazi kwamba wale watatu hawakukaripiwa. Tazama pia hizo simu za binafsi: mitambo ya kampuni haiwezi kuona ujumbe unaoingia kwenye simu yako mwenyewe. Usiposema wewe, hakuna kumbukumbu itakayosema.

Turudi kwa karani. Alipiga simu badala ya kuandika barua pepe, na hilo lilikuwa sahihi, kwani mtu aliye ndani ya sanduku lake angeisoma taarifa yenyewe na kuharakisha kazi yake. Namba aliipata kwenye orodha ya ofisi, sio kwenye barua aliyoishuku. Hakuzima kompyuta. Kuzima kunafuta yaliyomo kwenye kumbukumbu ya muda ya mashine, ambayo wachunguzi huitaka pale ambapo kiambatisho kimefunguliwa. Katika hali hiyo ni afadhali kuchomoa waya wa mtandao au kuzima waifai na kuiacha mashine ikiwaka. Baada ya simu, kijana wa usalama alimwomba aandike, naye akaandika hivi kutoka kompyuta ya mwenzake:

“Leo Jumanne, 09:12 saa za Afrika Mashariki, nilipokea barua yenye kichwa ‘Arrival Notice’, jina la mtumaji ni la kampuni ya meli. Niliifungua kwenye kompyuta ya mezani ya ofisi, sikuifungua kwenye simu. Karibu 09:20 nilibonyeza kitufe cha hati, nikaandika nywila yangu ya kazini mara moja, nikakubali ombi la uthibitisho kwenye simu. Ukurasa ulisema hati haipatikani. Hakuna faili lililoshuka ninalolijua. Sikujibu barua wala sikuisambaza kwa mtu. 11:05 kampuni ya meli walinithibitishia kwa simu kuwa hawakutuma. Nywila hiyo naitumia pia kwenye mfumo wa malipo. Tangu asubuhi sijapata majibu ya wateja. Barua ya asili bado imo kwenye sanduku langu.”

Ni maneno yasiyofika mia moja. Sentensi ya nywila kutumika mahali pawili labda ilimuuma kuiandika, lakini bila hiyo timu ingefunga mlango mmoja na kuuacha wa pili wazi. Na “hakuna faili lililoshuka ninalolijua” ni sentensi nzuri kuliko “hakuna faili lililoshuka”, kwa kuwa inatenganisha anachokijua na anachokidhani.

Mchana huo timu ikagundua kuwa wenzake wawili walipata barua ile na hawakuifungua. Ikakuta pia kanuni mpya kwenye sanduku lake, na uingiaji wa saa 09:21 kutoka nchi ambayo kampuni haina ofisi. Kwa hiyo mtu mwingine alikuwa ndani ya barua zake kwa karibu saa mbili. Hapo tukio likabadilika. Sanduku la karani wa forodha lina nakala za pasipoti, vitambulisho, namba za kodi za wateja na ankara zao. Lililoanza kama jaribio la ulaghai sasa ni uwezekano wa kuvuja kwa taarifa za watu, na maswali yanakuwa mengine: ni aina gani za taarifa zilizokuwemo, za watu wangapi takriban, za kuanzia lini, na ziko kwenye folda gani.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inampa mwenye kudhibiti data saa 72, tangu alipotambua, kumwarifu Kamishna wa Data pale taarifa za watu zinapofikiwa na asiyeruhusiwa na kuna hatari ya kweli ya kuwadhuru. Sheria ya Umoja wa Ulaya ina muda huo huo. Saa 72 ni siku tatu, na zinaendelea kuhesabiwa Jumamosi na Jumapili. Ndiyo maana taarifa ya mfanyakazi inapaswa kuonyesha saa aliyotambua, mbali na saa ya tukio lenyewe: barua iliingia 09:12, karani alitambua 11:05, ofisi ikaambiwa 11:10.

Si lazima awepo mwizi ndipo taarifa zivuje. Agosti 2023 polisi wa Ireland ya Kaskazini walijibu ombi la raia la takwimu kwa kuchapisha jedwali lenye karatasi iliyofichwa ndani yake. Karatasi hiyo ilikuwa na majina ya ukoo, vyeo na vituo vya kazi vya askari na watumishi zaidi ya 9,000. Ilikaa hadharani kwa saa chache tu, lakini iliangukia mikononi mwa watu ambao askari wa huko wana sababu ya kuwahofia, na mwaka uliofuata jeshi hilo lilitozwa faini ya pauni 750,000. Mtu anayegundua kosa kama hilo, lake au la mwenzake, anapaswa kusema jina la faili, limewekwa wapi au limetumwa kwa nani, tangu lini, na lina safu zipi, pamoja na zile zilizofichwa. Asiliambatishe faili lenyewe kwenye taarifa. Kufanya hivyo ni kulivujisha mara ya pili, safari hii kwenye masanduku ya watu kumi wa TEHAMA. Atoe njia ya kulifikia, waliopewa ruhusa walione wenyewe.

Barua iliyokwenda kwa mpokeaji asiye sahihi nayo ina maelezo yake. Kitufe cha kuirudisha ujumbe karibu hakifanyi kazi ukishatoka nje ya ofisi, na wakati mwingine humwamsha mpokeaji aende kuusoma. Afadhali kumwarifu mtu wa usalama kwanza, ukisema kama mpokeaji unamfahamu, kama amejibu, na kama faili lilikuwa na nywila. Kama nywila yake ulituma katika barua ile ile, sema na hilo.

Jumatano asubuhi karani alikumbuka jambo. Desemba alikuwa amehamishiwa barua za mwenzake aliyekuwa likizo ya uzazi, pamoja na folda ya vibali vya kazi vya mabaharia. Hakurekebisha taarifa yake ya jana wala kuipiga msasa. Aliandika nyongeza chini ya namba ile ile ya tukio, akaweka tarehe na saa, akaeleza folda iko wapi na kwamba anakisia ina watu kati ya 30 na 40. Kijana wa usalama alifungua folda, akahesabu 52, na takwimu hiyo ndiyo iliyoingia kwenye fomu ya Kamishna.